Chumvi inabaki, maji yanaondoka: hotuba juu ya bondi na michoro ya nukta na misalaba

Assalaam alaykum. Wazazi wetu mliokuja, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu wa kidato cha pili, cha tatu na cha nne mliojaa humu ndani mpaka madirishani, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya bondi za kemia, nami nikasema sawa, lakini sitozungumza bondi zote za dunia, ntachukua vitu viwili ambavyo hakuna jiko la Pemba lisilo navyo, chumvi na maji, na tutavichora vyote viwili mpaka ijulikane kwa nini mchoro wa hichi haufanani kabisa na mchoro wa kile. (Haya ndo niliyoyasema siku ile, ila pale nilipokuwa nachora ubaoni hapa nimelazimika kueleza kwa maneno, kwa hiyo chukua penseli na karatasi ukisoma.)

Twendeni kwanza kwenye mashamba ya chumvi, wengi wenu mnayajua na baadhi yenu wazee wenu ndo kazi yao. Maji ya bahari yanaingia bwawani wakati wa bamvua, yanazibiwa yasirudi, halafu jua la kaskazi linafanya kazi yake. Kila lita ya maji yale ina kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na nyingi yake ni hii chumvi yetu ya kulia, NaCl. Siku zinakwenda, maji yanashuka, na yakishabaki kama sehemu moja ya kumi ya yale yaloingia, unaanza kuona chembe nyeupe chini. Chukua chembe moja uitazame kwa lenzi, utaona ina pande zilizonyooka na kona za mraba, kama haikusagika. Hakuna aliyeichonga, imejipanga yenyewe.

Sasa swali langu ni hili. Jua ni lile lile, bwawa ni lile lile, upepo ndo huo huo, mbona maji yameruka yote na chumvi haikuruka hata chembe? Mwengine atasema kwa sababu maji ni mepesi na chumvi ni nzito. Siyo jibu hilo, mafuta ya karafuu molekuli yake kuu ina uzito karibu mara tatu ya NaCl na bado harufu yake unaipata kutoka mbali, manake inaruka. Jibu limo kwenye elektroni, nani anazimiliki, na ukichora vizuri utaliona kwa macho, ukichora vibaya hutoliona hata ukae mwaka.

Tuanze na chumvi. Sodiamu ni namba 11 kwenye jedwali, kwa hiyo ina protoni 11 na elektroni 11, zimepangika 2, 8, 1. Klorini ni namba 17, elektroni zake ni 2, 8, 7. Kwenye michoro hii tunashughulika na ganda la nje tu, yale ya ndani tunayajua yapo lakini hatuyachori, labda mtihani useme chora maganda yote. Elektroni ya sodiamu tutaiwekea msalaba, elektroni za klorini tutaziwekea nukta. Na nataka hili liingie vichwani tangu mwanzo, elektroni zote duniani ni sawasawa, hakuna elektroni ya msalaba na elektroni ya nukta, alama tunaweka sisi ili tukumbuke ipi imetoka wapi. Wazo la kuweka nukta kuzunguka herufi za elementi linatokana na mkemia wa Marekani, Gilbert Lewis, aliyeandika makala yake mwaka 1916, na mwaka huo huo kule Ujerumani Walther Kossel akaeleza upande wa atomi zinazopeana elektroni. Mpaka leo tunachora vile vile kwa sababu hesabu inakubali.

Haya, sodiamu ina elektroni moja tu nje na kiini chake hakiishiki sana, klorini ina saba na kiini chake kinavuta kwa nguvu. Kuna kipimo cha mvuto huu, sodiamu ina 0.9 na klorini ina 3.2, tofauti ni kubwa, zaidi ya 2. Kwa tofauti kama hiyo hakuna kugawana, ile elektroni moja inahama moja kwa moja. Sodiamu imebaki na elektroni 10 lakini protoni bado ni 11, kwa hiyo chaji yake ni chanya moja. Klorini sasa ina elektroni 18 na protoni 17, chaji hasi moja. Hizi si atomi tena, ni ioni, na ndo maana mchoro wake unaingia kwenye mabano ya mraba na chaji inakaa nje ya mabano, juu kulia:

```
             ••
[Na]⁺   [ x• Cl •• ]⁻
             ••
```

Tazama pale kwenye klorini, nukta ni saba na msalaba ni mmoja. Ule msalaba ndo ushahidi wako. Mwanafunzi akichora nukta nane tupu, jumla iko sawa, lakini hajaonesha elektroni ya nane imetoka wapi, na swali lilikuwa linauliza hilo hilo. Na tazama pale kwenye sodiamu, hakuna kitu kimezunguka. Ganda la tatu limekwisha. Wapo wanaochora lile ganda la pili lenye misalaba minane, hiyo pia ni sahihi, kwa sababu hilo ndo ganda la nje la ioni hivi sasa. Kisichokubalika ni kuuwacha ule msalaba kwa sodiamu na kuuchora tena kwa klorini, hapo umezalisha elektroni kutoka hewani.

Na dawa ya kosa hilo ni kuhesabu. Kabla ya bondi, elektroni za nje zilikuwa 1 na 7, jumla 8. Baada ya bondi, ukihesabu alama ulizochora za ganda lile lile zinatakiwa ziwe 8 pia. Zikiwa 9, umerudufu. Zikiwa 7, umepoteza. Mie huwaambia wanafunzi wangu waandike hesabu hii pembeni ya mchoro kwa penseli, kila mara, hata kwa chumvi ambayo wanaijua kwa moyo, kwa sababu ikija kampaundi ngeni ndo kitu pekee watakachoshikilia.

Sasa sehemu ambayo inanikera, na nasema hivi kwa mapenzi. Ukifungua madaftari mengi utakuta NaCl imechorwa kwa duara mbili zilizopishana, sodiamu huku, klorini kule, na katikati pale panapopishana kuna nukta na msalaba pamoja. Mchoro huo ni wa kugawana, na kwenye chumvi hakuna kugawana. Duara mbili za chumvi hazigusani, zinakaa mbali mbali, kila moja na mabano yake, katikati weupe mtupu. Kinachozishika pamoja si elektroni ya katikati, ni chaji chanya na chaji hasi kuvutana.

Na mvutano wa chaji una tabia moja ambayo mchoro wetu hauioneshi, hapa ndo pana utamu wenyewe. Ioni ya sodiamu ikishakuwa chanya, haimvuti yule klorini aliyempa elektroni peke yake, inamvuta kila klorini aliye jirani, wa kulia, wa kushoto, wa mbele, wa nyuma, wa juu na wa chini. Kwenye chembe ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za klorini, na kila ya klorini imezungukwa na sita za sodiamu, hivyo hivyo kwenda mbele bila kukatika mpaka ufike ukingoni mwa chembe. Zile kona za mraba ulizoziona kwa lenzi zinatokana na mpangilio huu. Kwa hiyo hakuna kitu kinaitwa molekuli ya chumvi ndani ya chembe ile, huwezi kunyoosha kidole ukasema huyu sodiamu na huyu klorini ndo mtu na wake. NaCl inatwambia hesabu tu, kwamba kwa kila sodiamu moja ipo klorini moja. Mchoro wetu pia ni wa hesabu, tumechora ioni moja moja kwa sababu karatasi haitoshi kuchora nyengine zote.

Tumalize chumvi, twende kwenye maji.

Oksijeni ni namba 8, elektroni zake 2, 6. Haidrojeni ni namba 1, ana elektroni moja tu. Oksijeni inataka mbili ijaze ganda lake lifike nane, haidrojeni inataka moja ijaze ganda lake, na ganda la kwanza linajaa kwa mbili tu, usije ukamtafutia haidrojeni nane. Mvuto wa oksijeni ni 3.4, wa haidrojeni ni 2.2, tofauti ni kama 1.2. Oksijeni anavuta zaidi, ndiyo, lakini hana nguvu ya kumnyang'anya haidrojeni elektroni yake yote, na haidrojeni akiachia ile moja hana nyengine, atabaki protoni tupu. Kwa hiyo zinashirikiana, kila mmoja anaweka elektroni moja katikati, jozi moja, na jozi ile inahesabika kwa wote wawili. Chukulia kisima kilichochimbwa mpakani baina ya nyumba mbili, nusu ya gharama huku na nusu kule: ukiuliza nyumba ya kwanza itakwambia tuna kisima, ukiuliza ya pili nayo itakwambia tuna kisima, na wote wanasema kweli, ila ukihesabu visima vya mtaa ni kimoja. Hiyo ndo hesabu ya bondi ya kovalenti, kwenye kuangalia kama ganda limejaa unaihesabu jozi kwa kila upande, kwenye jumla ya elektroni unaihesabu mara moja.

Safari hii msalaba ni wa oksijeni na nukta ni ya haidrojeni:

```
      xx
H •x  O  x• H
      xx
```

Hesabu na mie. Kabla: 6 za oksijeni, 1 na 1 za haidrojeni, jumla 8. Baada: jozi ya kushoto 2, jozi ya kulia 2, jozi ya juu 2, jozi ya chini 2, jumla 8. Imekubali. Sasa kila mmoja ana ngapi? Oksijeni anazo nane, kwa sababu jozi zote nne zinamgusa. Haidrojeni wa kushoto ana mbili, wa kulia ana mbili. Wote wametosheka na hakuna aliyehama, kwa hiyo hakuna mabano wala chaji, na duara mtazichora zimepishana.

Zile jozi mbili za juu na chini ambazo hazikushirikiana na mtu tunaziita jozi pweke, na ndo zinazosahaulika kupita kitu chochote kwenye mtihani. Mwanafunzi anachora bondi mbili vizuri, anatoka. Mwalimu anahesabu elektroni anakuta 4, maksi imeondoka. Kosa la pili ni kuweka nukta mbili na misalaba miwili baina ya oksijeni na haidrojeni mmoja, ati kwa sababu amesikia kuna bondi mbili kwenye maji. Bondi mbili ndiyo, lakini moja ya kila haidrojeni, siyo zote kwa mmoja. Ukihesabu haidrojeni huyo utamkuta na elektroni nne kwenye ganda linalochukua mbili, na hapo umeshajikamata mwenyewe kabla mwalimu hajakukamata.

Jambo jengine, mchoro wangu umeweka H, O na H kwenye mstari mmoja ulionyooka kwa sababu ni rahisi kuandika. Molekuli yenyewe haijanyooka, imepinda, pembe ya katikati ni nyuzi 104.5, na kinachoipinda ni zile jozi pweke mbili kuzisukuma zile jozi za bondi. Mchoro wa nukta na misalaba ni wa kuhesabu elektroni, umbo unaambiwa tu ukikumbuka kwamba jozi zinasukumana. Na kwa vile imepinda, na oksijeni inavuta zaidi, upande wa oksijeni unakuwa na uhasi kidogo na upande wa haidrojeni uchanya kidogo. Huo "kidogo" si chaji kamili, msiuwekee mabano, lakini unatosha kumfanya maji amzunguke ioni wa sodiamu kwa upande wa oksijeni na ioni wa klorini kwa upande wa haidrojeni, akazitoa moja moja kutoka kwenye chembe. Chumvi inayeyuka kwenye maji namna hiyo. Bwawani kwa hiyo hakuna chumvi iliyojificha kama chembe ndogo ndogo, kuna ioni zilizoachana, kila moja na molekuli zake za maji pembeni.

Sasa turudi kwenye lile swali la jua. Mtu akiniuliza maji yakichemka bondi gani zinakatika, wengi wanajibu za oksijeni na haidrojeni. Wanangu, hapana. Ingekuwa hivyo kila birika la chai lingekuwa linatoa gesi ya haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo pamoja ukitia moto zinaripuka. Kinachotoka mdomoni mwa birika ni H2O ile ile, nzima, na jozi zake zote nne. Kilichokatika ni mshikamano baina ya molekuli na molekuli, ule uhasi kidogo na uchanya kidogo niliousema. Kuigeuza moli moja ya maji, yaani gramu 18, iwe mvuke kunataka kama kilojuli 41. Kuzikata bondi zenyewe za ndani katika hizo hizo gramu 18 kunataka zaidi ya kilojuli 900. Jua la Micheweni linaweza hiyo ya kwanza pole pole, hata bila ya kufika nyuzi 100, molekuli za juu juu zinaondoka moja moja. Hiyo ya pili halina habari nayo.

Chumvi je? Chumvi haina molekuli ndogo iliyokamilika ambayo inaweza kujiondokea peke yake. Ioni ikitaka kuondoka lazima iachane na zote zinazoivuta, na mvutano wa chaji kamili kwa chaji kamili ni mzito. Kuzitawanya ioni zote za moli moja ya chumvi, gramu 58.5, zikaachana kabisa, kunataka kama kilojuli 787. Ndo maana chumvi inayeyuka kwa moto peke yake, bila maji, kwenye nyuzi 801 za sentigredi, moto ambao meko yetu ya kuni hayaufikii kwa wepesi. Basi bwawani molekuli za maji zinapungua, ioni zinabanana, zinakutana tena, na zinajipanga sita kwa sita kama zamani. Maji yanaondoka kwa sababu molekuli inatoka nzima, chumvi inabaki kwa sababu hakuna molekuli ya kutoka. Michoro miwili ile ilishatwambia: mmoja una duara zilizopishana na umekamilika, mwengine una mabano na chaji zinazoendelea kuvuta.

Kuna mtu alininong'oneza hapa kabla sijasimama, akasema mwalimu mbona chumvi yetu ya shamba ikifika masika inatota, ukitia mkono kwenye kopo unatoka na maji? Swali zuri sana hili na linatupa mchoro wa tatu. NaCl iliyo safi haitoti kiasi hicho. Inayotota khasa ni mwenzake aliyekuja naye kutoka baharini, magnesiamu kloraidi, MgCl2. Yeye anapenda maji kupita NaCl, kwa hiyo bwawani anachelewa kuganda, anabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho. Mkulima akiyawacha maji yale yakauke pamoja na chumvi, magnesiamu inanata kwenye chembe, na hewa ya masika ikiwa na unyevu, inaunyonya. Dawa yake ni kuyamwaga maji machungu kabla hayajakauka na kuisuuza chumvi kwa maji ya chumvi yaliyokolea, yale ambayo hayawezi tena kuyeyusha NaCl lakini magnesiamu yanaichukua.

Mchoro wake sasa. Magnesiamu ni namba 12, elektroni 2, 8, 2. Ana mbili za kutoa. Klorini mmoja anapokea moja tu, kwa hiyo wanatakiwa klorini wawili. Hesabu ya kabla: 2 na 7 na 7, jumla 16. Utachora magnesiamu katikati ndani ya mabano, hana kitu pembeni, nje juu andika 2+. Kushoto kwake klorini ndani ya mabano yake, nukta saba na msalaba mmoja, chaji hasi. Kulia klorini mwengine, vile vile. Hesabu ya baada: 8 na 8, jumla 16. Makosa ya hapa ni mawili, ama mtu anawatia klorini wawili kwenye bano moja kama kwamba wameshikana, na hao hawajashikana, kila mmoja anavutwa na magnesiamu, ama anaandika 2- juu ya kila klorini kwa sababu ameona kule 2+. Jumlisha chaji zote za mchoro, lazima zije sifuri.

Mtauliza, tutajuaje kampaundi ni ya ioni au ya kovalenti kabla ya kuchora? Skulini mnafundishwa metali na simetali ni ioni, simetali na simetali ni kovalenti. Shikeni kanuni hiyo, inafanya kazi kwa vitu vingi mtakavyopewa. Lakini mjue ina mipaka. Aluminiamu kloraidi ni metali na simetali na bado ukiipasha moto inaruka kuwa mvuke kwenye nyuzi kama 180, tabia ya kovalenti hiyo. Amoniamu kloraidi haina metali hata moja na ni ya ioni, ioni ya NH4⁺ na ioni ya Cl⁻. Kitu kikikutia shaka, kiulize kwa umeme. Chukua betri ya volti 9, taa ndogo ya ledi nyekundu yenye rizista ya omu 470, na penseli mbili zilochongwa ncha zote mbili, risasi ya penseli ni grafaiti na inapitisha umeme. Ziguse ncha kwenye chumvi kavu: taa haiwaki, ioni zipo lakini zimebanwa hazitembei. Zitie kwenye maji ya mvua yaliyokingwa safi: haiwaki, au inafifia sana. Tia sukari ukoroge: bado, kwa sababu sukari ni molekuli, inayeyuka nzima bila chaji. Tia chumvi: inawaka. Msitumie maji ya kisima kwa jaribio hili, visima vyetu vingi vimo kwenye mawe ya chokaa na vyengine vimeingiliwa na maji ya bahari, tayari vina ioni na vitakudanganya. Na kwenye maji ya chumvi msiache muda mrefu, upande mmoja unatoa gesi ya klorini, utaijua kwa harufu kama ya dawa ya kusafishia, fanyeni nje penye upepo. Umeme wa ukutani msiuguse kabisa kwa kazi hii.

Swali la mwisho lilikuja kutoka kwa binti mmoja wa kidato cha tatu na nataka niliandike lote kwa sababu lilikuwa na akili. Alisema, mwalimu, haidrojeni kloraidi, HCl, ni haidrojeni na klorini, zote simetali, tunachora kwa kushirikiana, lakini ikiingia kwenye maji inakuwa asidi na inapitisha umeme, sasa ni ya kovalenti au ya ioni?

Nikamjibu, mwanangu, vyote viwili ni kweli, kila kimoja mahala pake. HCl ikiwa peke yake ni gesi, inachemka kwenye nyuzi 85 chini ya sifuri, na mchoro wake ni jozi moja katikati, nukta saba za klorini na msalaba mmoja wa haidrojeni, jumla 8, hakuna mabano. Ikikutana na maji, oksijeni ya maji inatumia moja ya zile jozi pweke tulizokuwa tunazisahau, inamvuta haidrojeni kutoka kwa klorini. Haidrojeni anaondoka mikono mitupu, elektroni yake anaiwacha kwa klorini, kwa hiyo klorini anakuwa Cl⁻ mwenye nukta saba na msalaba mmoja, mchoro ule ule wa kwenye chumvi. Haidrojeni anakaa kwa oksijeni juu ya jozi ambayo elektroni zote mbili ni za oksijeni, hakuchangia hata moja, na kitu kizima kinakuwa H3O⁺, ndani ya mabano, chaji chanya nje. Nikamwambia aje ubaoni aihesabu mbele ya wenzake. Akaandika 6 za oksijeni, 1 na 1 za haidrojeni wa zamani, 0 za huyu mgeni, jumla 8, akachora jozi tatu za shirika na jozi pweke moja, akahesabu tena, 8.